Jinsi ya kung'oa mwiba katika utani bila kuua kicheko

KWA mkazi wa Changamwe, maneno "niko Makupa" hayana maana moja. Anayeyatamka huenda kweli yumo ndani ya matatu, akivuka mkono wa bahari kuingia kisiwani Mombasa. Huenda pia bado yuko kwake Chaani au Magongo, akitafuta kiatu cha pili mvunguni mwa kitanda. Anayemsubiri upande wa pili hawezi kuhakikisha, kwani simu haina macho, naye hubaki akihesabu dakika na kutunga maneno ya kumpasha huyo mchelewaji.

Maneno hayo ya kupasha ndiyo aghalabu hugeuka utani, na utani ukishaandikwa kwenye simu huweza kuelekea pande mbili. Waweza kumchekesha rafiki hata akaongeza mwendo. Waweza pia kumchoma, akafika kimya, au asifike kabisa. Tofauti baina ya matokeo hayo mara nyingi haitokani na nia ya mwandishi, maana nia huwa ni ile ile. Hutokana na maneno machache ambayo yangaliweza kuondolewa au kuhamishwa bila kicheko kupungua.

Chukulia mfano huu, ambao ni wa kubuni lakini hautakuwa mgeni kwa wengi. Vijana watano waliosoma pamoja Changamwe wamekubaliana kukutana Mwembe Tayari saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, ili wakusanye mchango wa harusi ya mmoja wao. Wanne wamefika. Wa tano, anayetoka Chaani, aliandika saa nne kasorobo katika kundi lao la WhatsApp: "Niko Makupa." Sasa ni saa tano na robo. Rafiki yake mkubwa anatoa simu na kuandika:

"Yakhe, wewe kila siku uko Makupa. Mtu hana kazi tangu mwaka jana lakini kufika mapema hawezi. Sisi wenye kazi tuko hapa zamani."

Watatu wanasoma na kucheka. Aliyetumiwa anasoma, hacheki. Jambo asilolijua mwandishi ni kwamba rafiki yake, tangu apoteze kibarua katika bohari la makontena, huhesabu nauli shilingi kwa shilingi. Mchango alio nao mfukoni ameukopa, na asubuhi hiyo anatembea kwa miguu safari nzima ili nauli isiupunguze. Alipoandika yuko Makupa alikuwa bado hajafika huko. Alipotumiwa ujumbe alikuwa pale pale Makupa, jua likimwakia kichwani.

Hali hiyo haihitaji kubuniwa sana. Treni ya mizigo ya SGR ilianza kazi mwaka 2018, na serikali ilipotaka makontena yasafirishwe kwa reli hadi bara, biashara ya malori na mabohari ya Mombasa ilitikisika kiasi cha wakazi kuandamana barabarani mwaka 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2013, kiwanda cha Changamwe cha kusafisha mafuta yasiyosafishwa kilikuwa kimesimamisha shughuli hiyo. Mahali penye historia kama hiyo, neno "kazi" likiingizwa ndani ya utani huwa zito kuliko anavyodhani mwenye kazi.

Anayetaka kuurekebisha ujumbe ule kabla ya kuutuma hana budi kuanza kwa swali moja: wale watatu walicheka nini? Ukiufumua, utaona una sentensi tatu, na kicheko chote kimo katika ya kwanza. Kinachochekesha ni Makupa, yaani mtu kudai yuko mahali fulani huku saa ikishuhudia vingine. Sentensi ya pili haina kichekesho chochote. Ni taarifa ya kweli kuhusu msiba wa mtu, imevalishwa nguo ya mzaha. Ya tatu ni ulinganisho, na ulinganisho huwapanga marafiki wengine upande mmoja na mtaniwa upande wa pili, peke yake.

Hatua ya kwanza basi ni kukata. Sentensi ya pili na ya tatu zikiondolewa, hubaki: "Yakhe, wewe kila siku uko Makupa." Kicheko kipo, tena kimekuwa chepesi kwa kuwa hakibebi mzigo. Wengi huogopa kukata kwa kudhani kwamba ujumbe utapoteza makali yake. Kwa hakika kinachopotea ni yale makali ambayo hayakuwa ya utani.

Hata hivyo mwiba mmoja ungalipo, nao umejificha ndani ya maneno "kila siku". Maneno ya namna hiyo, pamoja na ndugu zake "siku zote", "kawaida yako" na "mtu wa namna yako", huacha kuzungumzia kitendo cha leo na kuhukumu tabia ya maisha. Mtu aweza kucheka kosa lake la asubuhi hii kwa sababu kesho anaweza kulirekebisha. Kuwa mtu wa namna fulani hakurekebishiki kabla ya saa sita. Kwa hiyo maneno hayo nayo hutolewa, na utani ukafungwa kwenye safari ya leo tu.

Hapo ndipo inapofaa kuongeza chumvi. Makupa yenyewe inatoa chumvi ya kutosha. Kwa miaka mingi palikuwa na tuta la mawe na udongo, lililozuia maji kupita baina ya hori ya Tudor na ile ya Port Reitz. Daraja jipya lilizinduliwa mwaka 2022, na tuta likaondolewa ili bahari ipate njia. Mtani anayekumbuka hayo anaweza kuandika:

"Yakhe, tangu useme uko Makupa, tuta limevunjwa, daraja limejengwa, na wakubwa wamekuja kulizindua. Wewe bado wavuka? Nami ndiye niliyewaambia hawa kwamba uko karibu, sasa tumekuwa waongo wawili."

Ujumbe huu ni mrefu zaidi ya ule wa kwanza, lakini una mwiba mdogo zaidi, na yafaa kueleza kwa nini. Ule wa kwanza ulisema mambo yanayoweza kuwa kweli: hana kazi, amechelewa, wenzake wamefika. Jambo linaloweza kuwa kweli halina budi kujibiwa kama shutuma, kwa kukana, kukiri au kujitetea. Huu wa pili unasema jambo ambalo haliwezi kuwa kweli hata kidogo. Hakuna mtu aliyekaa njiani muda wa kujengwa daraja. Msomaji anatambua mara moja kwamba hatakiwi kujitetea, na hapo ndipo mlango wa kucheka unapofunguka. Ndiyo sababu kumwambia mtu "umechelewa saa moja na robo" huuma kuliko kumwambia amechelewa miaka miwili. Hesabu sahihi hunusa mahakama.

Chumvi pekee, lakini, haiponyi kila kitu. Anayemwambia asiye na kazi kwamba hata panya wa nyumbani kwake wamehama kutafuta ugali kwingine ametia chumvi nyingi, na bado amechoma, kwa sababu kinachochekwa ni njaa. Kuna mambo mawili hapa na hayapaswi kuchanganywa: kinachochekwa ni nini, na kinachekwa kwa namna gani. Namna huweza kurekebishwa kwa maneno. Kinachochekwa kikiwa ni kidonda, hakuna ufundi wa maneno utakaokigeuza. Huachwa, na kichekesho kingine kikatafutwa.

Zipo nyongeza mbili nyingine katika ujumbe ule wa pili. Mwandishi amejiingiza mwenyewe kati, kwa kukiri kuwa naye amesema uongo. Hasimami tena juu ya mwenzake, wamo shimoni pamoja. Aidha, ameuliza swali, "wewe bado wavuka?", na swali hilo ni zawadi, maana linampa mtaniwa nafasi ya kurudisha mpira. Kijana wa Chaani, akiwa na jasho lake, anaweza kujibu: "Nangoja simiti ikauke." Sasa kundi zima linamcheka mtani badala ya mtaniwa, naye amefika kwa miguu bila kulazimika kumweleza mtu yeyote kwamba ametembea.

Kipimo cha ujumbe wa utani kabla haujatumwa ni hicho hicho. Mwandishi ajiweke kitini pa mwenziwe na kujaribu kutunga jibu la kuchekesha. Ujumbe wa Makupa hujibika kwa njia kumi. "Mtu hana kazi tangu mwaka jana" haujibiki isipokuwa kwa kimya, tusi au huzuni. Utani usio na jibu hauna wawili ndani yake, ni mmoja anayepiga na mmoja anayepigwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini taabu yote hiyo, ilhali maneno yale yale yakisemwa ana kwa ana barazani watu hucheka na kupigana vibega. Jibu ni kwamba barazani maneno husindikizwa na sauti, jicho na mkono begani. Kwenye maandishi, mwandishi huisikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika, akadhani imo ndani ya herufi. Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti uliolipima jambo hilo. Watu waliandikiana sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, na waandishi walitarajia kwamba zaidi ya robo tatu zingetambuliwa sawasawa. Waliosikia sauti walikaribia kiasi hicho. Waliosoma tu walipatia zaidi kidogo ya nusu, yaani karibu sawa na mtu anayerusha sarafu.

Mwaka uliofuata Kruger na wenzake wengine waligeukia utani wenyewe. Waligundua kwamba anayetania huupima utani wake kwa nia njema aliyo nayo, na mtaniwa haioni nia hiyo, huona maneno tu. Kwa hiyo yule wa kwanza huona kichekesho ambapo wa pili huona ukali. Ndiyo maana kuongeza "natania tu" mwishoni mwa ujumbe hakusaidii sana. Maneno hayo hueleza nia lakini huacha maneno yaliyochoma yalivyo, tena humnyang'anya mtaniwa haki ya kukasirika. Vikatuni vya uso unaocheka vina kasoro kama hiyo. Vikifuata utani uliokatwa vizuri hupendeza. Vikifuata mwiba, hufanana na mtu anayekanyaga mguu wa mwenzake huku akitabasamu.

Waswahili na majirani zao walilijua tatizo hili zamani na wakalitafutia dawa ya kijamii, nayo ndiyo asili ya neno utani. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" bila mtu kushtuka. Binamu husemana watakavyo. Huko Tanzania, makabila mazima huhesabiwa kuwa watani, kama vile Wangoni na Wanyamwezi, na mtani huweza hata kufanya vituko msibani, akazuia shughuli hadi apewe chochote. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, aliyeandika juu ya uhusiano wa aina hii mwaka 1940, aliueleza kuwa ni ruhusa ya mmoja kumtania mwingine, na huyo mwingine hatakiwi kukasirika.

Kilichomo katika utani huo wa jadi ni kwamba ruhusa hutangulia utani. Kila mtu anajua tangu utotoni nani ni mtani wake na nani, mathalani mama mkwe, hataniwi. Changamwe, hata hivyo, ni mji wa wahamiaji, uliojazwa na kazi za bandari, reli na viwanda. Wale vijana watano huenda wanatoka jamii tano tofauti zisizo na mkataba wowote wa utani baina yao. Ruhusa yao imejengwa kwa urafiki wa shule, na ruhusa ya namna hiyo haifuniki kila kitu. Huenda inafunika uchelewaji, kabumbu, na mapishi mabovu. Mara nyingi haifuniki umaskini, wazazi, wala kabila. Mzaha wa kumwambia rafiki "rudi kwenu bara" waweza kuonekana mdogo kwa anayeutoa, lakini katika kaunti iliyoshuhudia ghasia za Likoni mwaka 1997, ambapo watu kutoka bara walishambuliwa na kufukuzwa, maneno hayo yana kumbukumbu ambayo msemaji hakuitia yeye.

Yafaa pia kutofautisha utani na kijembe. Pwani kijembe kina ufundi wake, na baadhi ya maneno ya kanga yamefanya kazi hiyo kwa vizazi. Hayamtaji mtu, kila mtu anajua nani anasemwa, na mvaaji akiulizwa atasema ameipenda rangi. Siku hizi kazi hiyo hiyo hufanywa na maneno yanayobandikwa kwenye simu ili wote wayaone. Kijembe kimetengenezwa ili kichome na kikanike. Anayegundua kwamba anataka ujumbe wake uume kidogo, ili mwenzake ajifunze, basi hatanii tena. Akitaka kulalamikia uchelewaji, ni heri alalamike waziwazi faraghani: "Tumekusubiri saa nzima, kuna tatizo?" Swali hilo pengine lingefichua habari ya nauli.

Suala la kundi nalo lina uzito wake. Ujumbe wa daraja unaweza kusomwa na wote bila madhara. Lakini utani wowote wenye shaka hutumwa kwa mwenyewe peke yake, kwa sababu mbele ya watu mtaniwa huwa na kazi mbili: kusikia maneno, na kuamua wengine watamwonaje akiyajibu au asipoyajibu. Wengi huchagua kucheka ili yaishe. Kicheko cha namna hiyo si ushahidi kwamba utani ulikuwa mwema.

Dalili za aliyechomwa hazifichiki kwa anayemjua mwenzake. Mtu aliyezoea kuandika kwa mzaha hujibu "Sawa" pekee. Jina la utani au lile "yakhe" hutoweka, na Kiswahili chake ghafla huwa cha barua ya ofisini. Wengine husoma wakanyamaza siku nzima katika kundi ambalo hawakuwa wakinyamaza. Dalili moja haitoshi, kwani huenda betri imekwisha. Mbili zikikutana, mtani hana haja ya kungoja ya tatu.

Teknolojia husaidia kwa kiasi kidogo. Tangu mwaka 2023 WhatsApp humruhusu mtu kuurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma, nao huwekewa alama kwamba umehaririwa. Ikiwa haujasomwa, hiyo ni nafuu kubwa. Ikiwa umeshasomwa, kuufuta huongeza swali juu ya jeraha, maana wote huona kwamba kitu kimeondolewa. Dawa iliyobaki ni sauti. Aliyeandika habari ya kazi hupiga simu, si kwa kuandika tena, na hutaja kosa lenyewe kwa jina lake: "Yale ya kazi sikupaswa kuyasema, tena mbele ya wenzetu. Nisamehe." Asitangulize "kama nimekukosea", kwani "kama" hiyo humtupia mwenzake kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Wala asieleze jinsi utani ulivyokusudiwa. Kisha, kwa kuwa maneno yalitolewa kundini, sentensi moja fupi kundini pia inafaa, nayo isiwe hotuba.

Baada ya hapo mtani hunyamaza kidogo na kumwachia mwenzake zamu. Habari ya Makupa asiiguse tena, hata ingekuwa na ladha kiasi gani, hadi mwenyewe aifungue. Jumamosi nyingine, wale wanne wakiwa bado ndani ya matatu barabara imefungana, ujumbe huingia kundini kutoka kwa kijana wa Chaani, aliyetangulia na kuketi Mwembe Tayari na kikombe cha chai: "Niko Makupa."